Orodha ya 'mb' na 'nd' itungwe kwa sikio, si kwa herufi

Mtoto wa miaka minne huko Matondoni akimwita mbuzi "buzi" na punda "puda", wazazi wengi hucheka, wakasema atakua aache. Mara nyingi ni kweli, huacha. Lakini mtoto huyohuyo akimwita mamake "baba", na "nane" kwake ikawa "dade", hapo si utoto wa ulimi tena. Ni pua yake inayotaka kuangaliwa na daktari. Na akifanya kinyume, yaani amwite babake "mama" na mbuzi amwite "muzi", basi kaakaa lake ndilo la kuchunguzwa.

Watoto hawa watatu huonekana sawa machoni pa mtu asiyesikiliza kwa makini. Wote "hawasemi vizuri". Wote huletewa dawa ile ile, nayo ni orodha ya maneno yenye mb na nd wayarudierudie mpaka ulimi uzoee. Mwalimu wa shule ya chekechea hufungua kamusi, akanakili maneno ishirini yanayoanza na herufi hizo, akampa mama ayapeleke nyumbani.

Maoni yangu ni kwamba orodha iliyotungwa namna hiyo haimfai mtoto yeyote, na kwa mtoto wa visiwa vya Lamu yaweza hata kumdhuru. Orodha nzuri ni chombo cha kupimia kabla haijawa chombo cha kufundishia. Ili iwe hivyo, ni lazima itungwe kwa sikio, itungwe kwa lugha ya nyumbani kwa mtoto, na kila neno la mb au nd liwekwe pamoja na majirani zake: m, b, n na d.

Mambo yanayotendeka kinywani

Msomaji, hebu tamka neno "mbuzi" polepole na usikilize. Midomo hufunga mara moja tu. Inapofunga, kaakaa laini, ile nyama iliyo nyuma ya paa la kinywa, huwa imeshuka, na hewa hupita puani. Kabla midomo haijafunguka, kaakaa hilo hupanda na kuziba njia ya pua. Hewa hujikusanya nyuma ya midomo, kisha midomo ikafunguka na sauti ikatoka. Yote hayo humalizika chini ya robo ya sekunde. Kwa nd ni vivyo hivyo, ila badala ya midomo ni ncha ya ulimi inayoziba.

Kwa hivyo mb si m iliyofuatwa na b. Ni sauti moja yenye nusu mbili, na kazi yake yote ni kwenda na wakati. Kaakaa likichelewa kupanda, b hupotea ikabaki m. Lisiposhuka, au pua ikiwa imezibwa, m hupotea ikabaki b.

Kosa la kwanza la wanaofundisha huanzia hapa. Humwambia mtoto aseme "mmm", kisha aseme "ba", halafu aunganishe. Mtoto mtiifu huunganisha, lakini anachokitoa ni "m-buzi", neno la mapigo matatu. Isitoshe, b ya "baba" na b ya "mbuzi" si moja. Mswahili akisema "baba" hushusha koo kidogo, na sauti huwa kama inavutwa ndani. Katika "mbuzi" hewa husukumwa nje. Huwezi kuchukua b ya kwanza ukaigandisha kwenye m ukapata ya pili. Mtoto afundishwe neno zima, alisikie na aliige likiwa zima.

Mtego wa maandishi

Herufi zetu hazionyeshi tofauti hii, na ndiyo maana kamusi humpotosha mwenye kutunga orodha. Njia ya kujiokoa ni kupiga makofi, kofi moja kwa kila pigo la neno.

"Mbuzi" ina makofi mawili: mbu-zi. "Mbata", ile nazi iliyokauka, ina mawili pia. Lakini "mbu", mdudu aletaye malaria, ingawa ni fupi zaidi, nayo ina makofi mawili: m-bu. Neno zima la Kiswahili haliwezi kusimama kwa pigo moja, basi m hujitenga ikawa pigo lake yenyewe. "Mbwa" ni hivyo hivyo. Hayo ndiyo maneno ambayo kila mtunga orodha huyaweka juu kabisa kwa kuwa ni mafupi na yana picha nzuri. Kumbe si mb tunayoitafuta. Mtoto anaweza kuyasema bila kosa na bado akashindwa na "mbuzi".

Neno "mbuni" ni mtego mkubwa zaidi. Ndege mkubwa asiyeruka ni mbu-ni, makofi mawili. Mti wa kahawa ni m-bu-ni, makofi matatu. Maandishi ni yale yale. Hata sifa za kawaida hubadilika kufuatana na kitu kinachosifiwa. Tukisema "mtu mbaya", sifa hiyo ni m-ba-ya. Tukisema "nyumba mbaya", ni mba-ya. "Muhogo mbichi" ni m-bi-chi, lakini "nyama mbichi" ni mbi-chi. Ukiandika "mbaya" peke yake katika orodha, hujui mtoto atakusomea ipi, na akikosea hujui amekosea nini.

Kuna jambo jingine la kuchungwa, na watu wa pwani watanielewa bila ya mimi kulitaja wazi. Wako wanaotunga orodha kwa kuchukua neno lenye b na kuingiza m mbele yake ili wapate jozi. Si kila neno linalopatikana hivyo hutamkwa mbele ya watoto. Orodha ipitiwe na mtu mzima mwenye Kiswahili chake kabla ya kupelekwa darasani, asije mtoto akarudi nyumbani na tusi alilofundishwa na mwalimu.

Lamu ina nd mbili

Mwaka 1928 mkutano uliofanywa Mombasa uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Vitabu vya chekechea vinavyouzwa Nairobi na Mombasa leo vimefuata njia hiyo, na si vibaya kwa shule. Lakini mtoto mdogo hujifunza sauti nyumbani kwa mamake na bibi yake, na nyumbani Lamu huzungumzwa Kiamu.

Penye nj ya Kiunguja, Kiamu mara nyingi kina nd. Njia ni "ndia", njaa ni "ndaa", nje ni "nde", njiwa ni "ndiwa". Kuvunja ni "kuvunda", na kuchinja ni "kutinda". Mtoto akisema "nina ndaa, naenda nde", amesema sawasawa kama alivyosema babu yake. Mwalimu aliyetoka bara, au daktari aliyepelekwa huko mwaka mmoja uliopita, akimsikia anaweza kuandika kwamba mtoto anashindwa kutamka nj. Kisha mtoto hukalishwa afanyishwe mazoezi ya ugonjwa asiokuwa nao. Atakachojifunza ni kwamba kusema kama mamake ni kilema, na wapo watoto ambao wakishaambiwa hivyo hunyamaza kabisa.

Zaidi ya hayo, nd ya "ndia" si ile ya "punda". Katika nd ya "ndia" ncha ya ulimi hugusa meno ya juu. Katika "punda" hugusa ufizi ulio nyuma ya meno. Mtu wa Amu akisema "ndoo" kwa maana ya njoo, na "ndoo" ya kutekea maji, yeye na mwenzake husikia maneno mawili mbalimbali, ingawa kwa kalamu ni moja. Kwa hiyo anayetunga orodha ya Lamu na awe na safu mbili za nd. Akizichanganya, atamwona mtoto anapata leo na kukosa kesho, asijue sababu, kumbe mtoto anaiweza nd moja na nyingine bado.

Msamiati nao una mambo yake. Picha mbili zinazopendwa mno katika vitabu vya watoto kwa kufundishia nd ni ndizi na ndege. Mtoto aliyelelewa kwa Kiamu akionyeshwa ndizi husema "izu", na akionyeshwa ndege wa angani husema "nyuni". Hajakosa, ila pia hajakupa nd uliyoitaka.

Mwaka 2015 Nazneen Gangji na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka 3 hadi 5 wanavyojifunza sauti za Kiswahili. Ni kazi ya kushukuriwa, kwani waganga wa usemi walikuwa wakitumia vipimo vya Kiingereza. Hata hivyo ulifanywa Dar es Salaam. Mtoto wa Faza au Siyu asipimwe kwa mizani ya Dar es Salaam katika sauti ambazo Dar es Salaam hazitumiki.

Orodha inavyopambanua

Sasa tumtazame yule mtoto wa Matondoni kwa ukamilifu, tuone orodha inavyofanya kazi. Tuchukue maneno sita tu: baba, mama, mbuzi, dada, nane, punda. Mama amwonyeshe picha au mtu mwenyewe, na asimtamkie kwanza. Amwache aseme mwenyewe, kisha aandike alichokisikia, si alichokitarajia.

Akisema baba, mama, dada na nane vizuri, lakini akasema "buzi" na "puda", basi pua iko wazi na kaakaa linaziba. Kinachokosekana ni ule wakati wa kushuka na kupanda. Huyu ndiye wa mazoezi, na ndiye orodha itakayemsaidia.

Akisema "baba" kwa baba na kwa mama pia, "buzi" kwa mbuzi, na "dade" kwa nane, hewa haipiti puani. Tazama kama analala mdomo wazi, kama anakoroma, kama ana mafua yasiyokwisha. Huenda ni nyama zilizovimba nyuma ya pua, jambo la kawaida kwa watoto wa umri huo. Mazoezi hayawezi kufungua pua iliyoziba.

Akisema "mama" kwa wote wawili, "muzi" kwa mbuzi, "nana" kwa dada na "puna" kwa punda, hewa inavuja puani wakati isipotakiwa. Hapo ulizia kama alipokuwa akinyonya maziwa yalikuwa yakitokea puani. Wazazi wengi hudhani kaakaa lililopasuka ni lazima lionekane kama mdomo wa sungura. La. Midomo yaweza kuwa mizima, na hata ngozi ya kaakaa ikawa nzima, huku misuli iliyo chini yake haikuungana. Dalili moja ni kimeo chenye ncha mbili badala ya moja.

Kuna njia nyepesi ya kuhakikisha, isiyohitaji chombo chochote. Mwambie mtoto aseme "Baba apika papa". Sentensi hiyo haina sauti hata moja ya puani. Arudie huku umembana pua kwa vidole. Kwa mtu mzima wa afya, sauti haibadiliki. Ikibadilika sana, hewa inavuja. Kisha aseme "Mama ana mbuzi nyumbani", sentensi iliyojaa sauti za puani, pua ikiwa wazi, kisha ikiwa imebanwa. Hapa sauti inatakiwa ibadilike. Isipobadilika, pua ilikuwa imeziba tangu mwanzo. Ukiwa na kioo kidogo, kiweke chini ya pua anaposema ile sentensi ya kwanza. Kikipata ukungu katikati ya maneno, mpeleke hospitalini.

Yupo na mtoto wa nne, ambaye makosa yake hayana mpango. Leo ni "buzi", kesho "muzi", na ukimwita kutoka nyuma hageuki. Huyo apimwe masikio, hasa kama yamewahi kutoka usaha.

Ukipata dalili ya pua, kaakaa au masikio, orodha iweke kando na umwone daktari. Kwa walio visiwani, pa kuanzia ni hospitali ya King Fahad mjini Lamu, na ukihitajika upasuaji atapelekwa mbele, aghalabu Mombasa. Najua nauli ya mashua kutoka Kizingitini ni mzigo. Ndiyo sababu nasema dakika kumi za kupima kwa orodha nzuri zina thamani. Humwonyesha mzazi kama safari hiyo ni ya lazima au si ya lazima.

Kuitunga ya mazoezi

Kwa yule mtoto wa kwanza, ambaye ni wa mazoezi, orodha isizidi maneno kumi na mawili kwa mara moja, na yote yawe vitu anavyoviona. Lamu imejaliwa utajiri wa sauti hizi. Punda wako kila kichochoro. Kisiwa cha mkabala ni Manda, na kingine ni Ndau. Kuna Matondoni na Tchundwa kwa nd, na kwa mb kuna Mkunumbi. Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu, alikusanya msamiati wa vyombo vya bahari katika utenzi uliochapishwa mwaka 1979. Jina lake, Sambo ya Kiwandeo, peke yake lina mb na nd. Maneno yako karibu, hayahitaji kuagizwa.

Anza na maneno ambayo sauti iko katikati: kamba, nyumba, embe, punda, kitanda, Manda. Hapo irabu iliyotangulia humpa mtoto njia ya kuingilia, naye hushika haraka. Yakimkaa, nenda kwenye yanayoanza na sauti: mbuzi, mbata, mboga, ndani, ndevu, Ndau. Nd ya meno, yaani ndia, ndaa, vunda na tinda, iwe ya wiki nyingine.

Baada ya hapo tia jozi, kwani jozi ndizo zinazomwonyesha mtoto mwenyewe kwamba sauti hubeba maana. Kaba, kama, kamba. Bata na mbata. Pana na panda. Dau na Ndau, kwa kuwa dau ni chombo na Ndau ni kisiwa. Jozi niipendayo kuliko zote ni iba na imba. Mtoto anayesema "nimeiba kasida madrasa", wenzake wakacheka na mwalimu akashtuka, huona mara moja kwa nini ile m ni ya lazima. Mweke picha mbili mbele yake. Wewe mpe ile aliyoitamka, si aliyoikusudia. Akitaka mbata akasema "bata", mpe bata. Atajirekebisha mwenyewe kuliko ukimkaripia mara kumi.

Dakika tano hadi kumi kwa siku zatosha. Akipata maneno manane kati ya kumi bila ya kusaidiwa, siku tatu mfululizo, badilisha orodha. Akikaa miezi mitatu bila ya kusogea, au akitimiza miaka mitano na bado hana mb, atazamwe na mtaalamu wa usemi, hata kama pua na kaakaa vinaonekana salama.

Yasiyofaa

Mambo mawili ningependa yaachwe. La kwanza ni kupulizisha watoto mapovu, mishumaa na vibofu ili "kaakaa lipate nguvu". Kupuliza na kusema ni kazi mbili tofauti kwa misuli hiyo, na mtoto anaweza kuwa bingwa wa kupuliza huku mbuzi akibaki "muzi". Muda huo ni bora utumiwe kwa maneno yenyewe.

La pili ni zito zaidi. Wapo wanaoshauri mtoto asiyesema vizuri akatwe kimeo. Kinachoziba njia ya pua ni msuli wa kaakaa laini, si ile ncha inayoning'inia. Kuikata hakumrudishii mtoto mb wala nd, bali humtia katika hatari ya kuvuja damu na kuambukizwa, hasa panapotumika kisu kisichochemshwa. Na ikiwa kimeo hicho kilikuwa na ncha mbili, umeikata dalili ambayo daktari angeiona na kujua kaakaa lina kasoro.

Familia nyingi za Lamu sasa zinaishi Mombasa na Nairobi, na watoto wao husoma na wenzao wa kila kabila. Huko ndiko mwalimu huwa mwepesi zaidi kusema mtoto ana kasoro. Mzazi akiitwa shuleni kuhusu "ndia" na "ndaa", amwambie mwalimu bila ya haya kwamba hicho ni Kiamu, na akumbushe kwamba mtoto anaweza kujifunza "njia" ya darasani bila ya kuiacha "ndia" ya nyumbani. Lakini akiitwa kwa sababu ya "muzi" na "puna", asijibu kwamba ni lahaja. Hakuna Mswahili, wa Lamu wala wa Unguja, anayemwita mbuzi hivyo. Akachukue maneno yale sita, amkalishe mtoto, asikilize.